Anwani pepe 0x2D7A inaishia wapi? Swali moja la mtihani, biti kwa biti

Muhula unapokaribia kwisha, vikundi vya kusoma katika hosteli za Kikoni, kando ya Chuo Kikuu cha Makerere, hukesha na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini kikundi chenye mtu wa Arua, wa Goma, wa Kigoma na wa Mombasa hujadiliana kwa Kiswahili, na hapo ndipo mambo hueleweka. Katika somo la usanifu wa kompyuta kuna swali ambalo halikosi kuzua ubishi: umepewa anwani pepe na kipande cha jedwali la kurasa, nawe utaje anwani halisi. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kuzidisha tu. Hata hivyo alama hupotea kwa wingi, na nikisahihisha majibu naona zinapotea mahali pawili palepale. Wapo wanaokata anwani pasipo pake, na wapo wanaochukua namba ya fremu kabla ya kuangalia kama ni halali kuichukua. Nimetunga swali linalogusa sehemu zote mbili, tulifanye pamoja mpaka mwisho.

Swali ni hili. Kompyuta inatumia anwani pepe za biti 16. Ukurasa mmoja una kilobaiti 1, yaani baiti 1024. Kumbukumbu halisi ni kilobaiti 16. Kila mstari wa jedwali la kurasa una baiti 2. Ukihesabu kutoka kushoto, biti nne za kwanza za mstari ni V (ukurasa umo kwenye kumbukumbu), W (ruhusa ya kuandika), R (ukurasa umeguswa karibuni) na D (ukurasa umeandikwa tangu ulipoletwa). Biti nne za mwisho ni namba ya fremu, na zile nane za katikati hazitumiki. Jedwali linaanza kwenye anwani halisi 0x0400, na sehemu yake inasomeka hivi:

```
anwani halisi    yaliyomo
0x0402           0xA00C
0x0416           0xE009
0x0418           0xE002
0x0446           0x6003
```

Programu inataka (a) kusoma 0x2D7A, (b) kusoma 0x8C05, na (c) kuandika kwenye 0x0410. Kwa kila moja, eleza kitakachotokea na utaje anwani halisi kama ipo.

Kabla ya kugusa kalamu, tukubaliane maneno. Programu huona kumbukumbu yake kama mfululizo mmoja usiokatika, na namba inazotumia humo ndizo anwani pepe. Mfululizo huo umegawanywa katika vipande vinavyolingana, navyo ni kurasa. Kumbukumbu halisi nayo imegawanywa katika vipande vya ukubwa uleule, ndizo fremu. Ukurasa wowote unaweza kuwekwa kwenye fremu yoyote, na jedwali la kurasa ndilo linalosema upi uko wapi. Fikiria hosteli ambayo vyumba vyote vina idadi sawa ya vitanda. Msimamizi anapeleka kikundi cha wanafunzi kwenye chumba chochote kilicho wazi na kuandika daftarini, lakini kila mwanafunzi ndani ya kikundi anabaki na namba yake ya kitanda. Chumba kinabadilika, kitanda hakibadiliki. Ndivyo ilivyo hapa: namba ya ukurasa hubadilishwa kuwa namba ya fremu, na umbali kutoka mwanzo wa ukurasa hubaki kama ulivyo.

Tuanze na mahali pa kukata. Ukurasa una baiti 1024, na 1024 ni 2 kwa kipeo cha 10. Ili kutaja baiti yoyote ndani ya ukurasa unahitaji biti 10, na hizo ndizo umbali. Anwani pepe ina biti 16, kwa hiyo zinabaki biti 6 za juu kutaja namba ya ukurasa. Biti 6 zinatosha kurasa 64. Upande wa pili, kumbukumbu halisi ya kilobaiti 16 ni baiti 2 kwa kipeo cha 14, kwa hiyo anwani halisi ina biti 14. Ukitoa zilezile 10 za umbali, zinabaki 4, nazo zinatosha fremu 16. Ndiyo maana mstari wa jedwali umetenga biti nne tu kwa namba ya fremu.

Hapa waulizaji hupenda kuongeza swali dogo: jedwali lina ukubwa gani? Wengi hujibu mistari 16 kwa kuwa fremu ni 16. Sivyo. Jedwali hufunguliwa kwa namba ya ukurasa, kwa hiyo lina mstari mmoja kwa kila ukurasa pepe, uwe umo kwenye kumbukumbu au haumo. Mistari ni 64, kila mmoja baiti 2, jumla baiti 128. Linaanza 0x0400 na kuishia 0x047F, ndani ya fremu namba 1.

Sasa 0x2D7A. Kosa la kwanza kati ya yale mawili liko hapa, na chanzo chake ni mazoea. Mifano mingi ya darasani hutumia kurasa za kilobaiti 4, ambapo umbali una biti 12, sawa na tarakimu tatu kamili za heksadesimali. Ukizoea hivyo, mkono unakata wenyewe baada ya tarakimu ya kwanza: ukurasa 2, umbali D7A. Mwingine atakata katikati: ukurasa 2D, umbali 7A. Majibu yote mawili si sahihi hapa, kwa sababu biti 10 haziishii kwenye mpaka wa tarakimu. Kila tarakimu ya heksadesimali ni biti nne. Biti kumi ni tarakimu mbili na nusu. Mkato unapita katikati ya D. Huna njia salama isipokuwa kuandika biti zote:

```
0x2D7A  =  0010 1101 0111 1010

ukurasa    umbali
001011     01 0111 1010
```

Tarakimu D ni 1101. Biti zake mbili za kushoto, 11, zimekwenda upande wa ukurasa, na mbili za kulia, 01, zimebaki kwenye umbali. Namba ya ukurasa ni 001011, yaani 11 kwa desimali. Umbali ni 0x17A, yaani 378. Mara tu baada ya kukata, hakiki kwa njia ya pili ambayo haigusi biti hata moja: 11 mara 1024 ni 11264, jumlisha 378 unapata 11642. Geuza 0x2D7A kuwa desimali na utaona ni 11642 vilevile. Hesabu hii inachukua muda mfupi sana na inakamata kosa la kukata kabla halijaharibu mengine yote, kwa hiyo nawaomba wanafunzi waiandike pembeni ya karatasi hata kama mtahini hakuiomba.

Tumepata ukurasa 11. Mstari wake uko wapi? Jedwali linaanza 0x0400 na kila mstari una baiti 2, na hesabu inaanza na ukurasa 0. Kwa hiyo mstari wa ukurasa 11 uko baiti 22 kutoka mwanzo. Ishirini na mbili ni 0x16, na 0x0400 ukijumlisha 0x16 ni 0x0416. Angalia kwamba tumezidisha kwa ukubwa wa mstari, si kwa ukubwa wa ukurasa. Angalia pia kwamba 0x0416 ni anwani halisi. Prosesa haiitafsiri tena, maana ingelazimika kusoma jedwali ili ijue jedwali liko wapi.

Kwenye 0x0416 kuna 0xE009. Tarakimu ya kwanza, E, ni 1110: V ni 1, W ni 1, R ni 1, D ni 0. Ukurasa umo kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo tunaruhusiwa kutazama tarakimu ya mwisho: fremu 9. Kinachobaki ni kubandika biti nne za fremu mbele ya biti kumi za umbali:

```
fremu    umbali
1001     01 0111 1010

10 0101 0111 1010  =  0x257A
```

Hakiki tena: 9 mara 1024 ni 9216, jumlisha 378 unapata 9594, na 0x257A ni 9594. Jibu la (a) ni 0x257A. Linganisha 0x2D7A na 0x257A: tarakimu mbili za mwisho ni zilezile, na ni lazima ziwe zilezile, kwa kuwa biti nane za chini ziko ndani ya umbali. Jibu lako likiishia kwa kitu kingine kisicho 7A, umekosea mahali fulani na huna haja ya kuendelea. Lakini tahadhari: kufanana kwa tarakimu hizo mbili hakuthibitishi kwamba umekata sawasawa. Aliyekata 2D na 7A naye atapata jibu linaloishia 7A.

Ombi lilikuwa kusoma, kwa hiyo D inabaki 0. Kama lingekuwa kuandika, W ni 1, ruhusa ipo. Maunzi yangeweka D kuwa 1 na mstari ungesomeka 0xF009. Anwani halisi ingekuwa ileile.

Tuje kwenye (b), 0x8C05.

```
0x8C05  =  1000 1100 0000 0101

ukurasa    umbali
100011     00 0000 0101
```

Ukurasa ni 35, umbali ni 5. Mstari uko baiti 70 kutoka mwanzo wa jedwali, yaani 0x46, kwenye 0x0446. Humo tunakuta 0x6003. Hapa ndipo kosa la pili linapokaa. Mwanafunzi anaona 3 mwishoni, anabandika fremu 3 na umbali 5, anapata 0x0C05, anapiga mstari chini ya jibu na kusonga mbele. Hesabu yake haina dosari, na jibu lake si sahihi kabisa. Tarakimu ya kwanza ni 6, yaani 0110, na biti ya kwanza ya 0110 ni sifuri. V ni 0. Ukurasa 35 haumo kwenye kumbukumbu, na ile 3 haielekezi fremu yoyote ya kutumiwa sasa.

Basi 3 inatafuta nini pale? Inaweza kuwa mabaki: ukurasa huu uliwahi kukaa kwenye fremu 3, ukaondolewa, na mfumo endeshi ukafuta V peke yake. Inaweza pia kuwa habari ya mfumo endeshi wenyewe. Katika prosesa za familia ya x86, biti inayosema ukurasa upo ikiwa 0, maunzi hayatazami biti nyingine yoyote ya mstari huo, na mfumo endeshi uko huru kuzitumia, kwa mfano kukumbuka ukurasa umehifadhiwa wapi kwenye diski. Kwa vyovyote vile, fremu 3 ya kumbukumbu huenda muda huu ina data ya programu nyingine. Prosesa ingefuata namba hiyo, programu yako ingesoma siri za jirani. Kwa hiyo jibu kamili la (b) si namba. Jibu ni kwamba hakuna anwani halisi kwa sasa, na prosesa inatangaza kukosekana kwa ukurasa.

Mtahini akiuliza nini kinafuata, eleza kwa mpangilio. Prosesa inasimamisha amri iliyokuwa ikitekelezwa na kukabidhi udhibiti kwa mfumo endeshi, ikiuachia anwani iliyosababisha tatizo. Mfumo endeshi unaangalia kwanza kama anwani hiyo ni ya programu hii kweli. Ikiwa si yake, programu inauawa. Kwenye Linux ndipo unapoona `Segmentation fault`. Ikiwa ni yake, unatafutwa mahali pa kuuweka ukurasa. Tuseme fremu 6 iko wazi. Ukurasa unasomwa kutoka diski hadi fremu 6, mstari ulio kwenye 0x0446 unaandikwa upya kuwa 0xC006, yaani V na W ni 1, R na D ni 0. Kisha amri ileile inaanzishwa tena tangu mwanzo. Safari hii tafsiri inapita: 0110 mbele ya 00 0000 0101 inatoa 0x1805, ambayo ni 6 mara 1024 ukijumlisha 5, yaani 6149. Maunzi yanaweka R kuwa 1, na mstari unakuwa 0xE006.

Kama hakuna fremu iliyo wazi, lazima ukurasa mwingine utolewe, na hapo ndipo D inapopata kazi. Ukurasa wenye D sawa na 0, ambao nakala yake ipo kwenye diski, unaachwa tu upotee, kwani nakala hiyo bado ni sahihi. Wenye D sawa na 1 lazima uandikwe kwenye diski kwanza. Mara nyingi mtahini huuliza kwa nini kukosa ukurasa mmoja wakati mwingine kunaleta safari mbili za diski, na hii ndiyo sababu.

Swali la (c) ni fupi, lakini limejificha vizuri. Programu inataka kuandika kwenye anwani pepe 0x0410. Ukikata biti zake unapata ukurasa 1 na umbali 0x10. Mstari uko kwenye 0x0402, na yaliyomo ni 0xA00C. Herufi A ni 1010: V ni 1, W ni 0, R ni 1. Ukurasa umo, fremu yake ni 12, na kama ombi lingekuwa kusoma, jibu lingekuwa 1100 mbele ya 00 0001 0000, yaani 0x3010. Lakini ombi ni kuandika, na ruhusa ya kuandika haipo. Prosesa inakataa, mfumo endeshi unaarifiwa, na kwenye fremu 12 hakibadiliki kitu. Usiite tukio hili kukosekana kwa ukurasa. Ukurasa upo, kilichokosekana ni ruhusa, na kuleta kitu chochote kutoka diski hakutasaidia. Mwanafunzi anayeandika kwamba mfumo endeshi utausoma ukurasa kutoka diski anaonyesha kwamba aliona neno tatizo na kuandika dawa moja kwa kila tatizo.

Anwani hii niliichagua kwa sababu nyingine pia. Ukisoma haraka, 0x0410 inafanana sana na anwani zilizomo kwenye jedwali, na ni kweli kwamba anwani halisi 0x0410 iko ndani ya jedwali la kurasa lenyewe: ni mstari wa ukurasa 8. Lakini anwani pepe 0x0410 haihusiani nayo hata kidogo. Namba ni moja, mahali ni pawili. Programu ya kawaida haina anwani pepe yoyote inayoifikisha kwenye fremu 1 lilipo jedwali, isipokuwa mfumo endeshi umwandikie mstari unaoelekeza huko, na haufanyi hivyo. Ulinzi wa kumbukumbu unategemea jambo hilo: usichokuwa na mstari wake, huwezi hata kukitaja.

Nimebakiza mstari mmoja ambao hatujautumia, 0xE002 kwenye 0x0418. Huo ni wa ukurasa 12, nao uko fremu 2. Fikiria programu inayosoma safu ya baiti moja baada ya nyingine na imefika 0x2FFF. Hiyo ni baiti ya mwisho ya ukurasa 11, umbali 1023, na anwani yake halisi ni 0x27FF. Baiti inayofuata, 0x3000, ni ya kwanza ya ukurasa 12, umbali 0, na anwani yake halisi ni 2 mara 1024, yaani 0x0800. Kwa programu, baiti hizo mbili ni majirani. Kwenye kumbukumbu halisi ya pili iko nyuma ya ya kwanza, tena mbali. Ndiyo sababu huwezi kutafsiri mwanzo wa safu mara moja kisha ukaendelea kuongeza moja moja kwenye anwani halisi. Kila ukivuka mpaka wa ukurasa, unarudi kwenye jedwali.

Kurudi kwenye jedwali kuna gharama. Jedwali limo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kusoma baiti moja ya programu kunakuwa safari mbili: moja ya mstari, moja ya baiti yenyewe. Prosesa hupunguza gharama hiyo kwa kuweka tafsiri za karibuni katika hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani yake, na pale mfumo endeshi unapobadilisha mstari unaotumika, lazima uhakikishe nakala ya zamani katika hifadhi hiyo imefutwa.

Gharama nyingine ni nafasi, na hapa swali letu dogo lina mipaka yake. Baiti 128 za jedwali si kitu. Chukua anwani pepe za biti 32 na kurasa za kilobaiti 4: biti 12 ni umbali, biti 20 ni ukurasa, kwa hiyo mistari ni 1,048,576. Kila mstari ukiwa na baiti 4, jedwali moja linafika megabaiti 4, na kila programu inayoendeshwa ina lake, hata ile inayotumia kurasa chache tu. Intel 80386, iliyotoka mwaka 1985, ilizikata zile biti 20 mara mbili, kumi na kumi. Kumi za juu huchagua mstari katika saraka, mstari huo unaelekeza jedwali dogo la kurasa, na kumi zinazofuata huchagua mstari ndani ya jedwali hilo. Chukua 0x00C05A3C:

```
0x00C05A3C

saraka        jedwali       umbali
0000000011    0000000101    1010 0011 1100
```

Mstari wa 3 wa saraka, mstari wa 5 wa jedwali linaloelekezwa, umbali 0xA3C. Saraka ina mistari 1024 ya baiti 4, yaani kilobaiti 4, sawasawa na ukurasa mmoja; jedwali dogo nalo ni hivyohivyo. Kila mstari wa saraka unasimamia megabaiti 4 za anwani pepe. Programu ambayo maagizo na data zake zinaenea ndani ya megabaiti 4 za aina hiyo, na rafu yake ndani ya nyingine, inahitaji saraka moja na majedwali madogo mawili, jumla kilobaiti 12 badala ya megabaiti 4. Mistari mingine yote ya saraka ina V sawa na 0, na majedwali yake hayajawahi kuundwa. Kwa hiyo katika swali la ngazi mbili unaangalia V mara mbili: kwanza kwenye mstari wa saraka, kisha kwenye mstari wa jedwali, na ya kwanza ikiwa 0 hakuna jedwali la kwenda kulisoma.